Kujaribu Kasi ya Mgawanyo wa Eksponensha kwa Uwiano wa Uyamkini: Mpaka Kamili na Mpaka wa Makadirio

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kusoma takwimu za mwanzo, anayejua kinachoitwa nadharia tete na aliyewahi kutumia jedwali la kai-mraba, lakini ambaye kila akifika kwenye jaribio la uwiano wa uyamkini hupewa kanuni ya sampuli kubwa na kuambiwa aitumie bila kuuliza. Kwa mgawanyo wa eksponensha hatulazimiki kufanya hivyo, kwa sababu mpaka kamili wa kukataa unapatikana kwa kalamu na karatasi, pamoja na mistari michache ya kompyuta. Tukishaupata, tunaweza kuuweka kando ya ule wa makadirio na kuona kwa macho yetu unakosea kwa kiasi gani.

Neno "uyamkini" nalitumia hapa kwa maana maalumu. Uwezekano ni wa data kabla hazijaonekana, ilhali uyamkini ni kipimo cha jinsi kila thamani ya kigezo inavyoafikiana na data ambazo tayari ziko mezani.

Data tutakazozitumia

Mwaka 1963 Frank Proschan alichapisha vipindi vya muda kati ya hitilafu moja na nyingine za mitambo ya kupoza hewa katika ndege kadhaa za aina ya Boeing 720. Vipindi vya ndege mojawapo, ambavyo leo vinapatikana ndani ya R katika kifurushi cha `boot` kwa jina `aircondit`, ni hivi vifuatavyo, kwa saa: 3, 5, 7, 18, 43, 85, 91, 98, 100, 130, 230 na 487. Idadi yake ni n = 12, jumla yake ni S = 1297, na wastani ni saa 108.08.

Tuseme ratiba ya matengenezo imepangwa kwa kudhani kuwa hitilafu hutokea kwa wastani mara moja kila saa 200. Dhana hiyo ya saa 200 ni yangu, nimeiweka kwa ajili ya mfano. Tunataka kujua kama data hizi zinaikataa. Kwa lugha ya hesabu, tunadhani kila kipindi kinafuata mgawanyo wa eksponensha wenye kasi λ, na tunapima H0: λ = λ0 dhidi ya H1: λ ≠ λ0, ambapo λ0 = 1/200 = 0.005 kwa saa.

Hatua ya kwanza: andika uyamkini na utafute kilele chake

Uwezekano wa pamoja wa vipindi vyote 12, ukitazamwa kama fanksheni ya λ, ni

```
L(λ) = λ^n · exp(−λS)
```

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu kazi kubwa imekwisha kufanyika bila kelele. Data zote zimeingia katika mlinganyo huu kupitia S peke yake. Kipindi cha saa 3 na kile cha saa 487 havina tena sauti zao binafsi. Kilichobaki ni jumla. Hii ndiyo sababu jaribio litakalozaliwa litakuwa jepesi, na ndiyo sababu pia, kama tutakavyoona mwishoni, halina uwezo wa kutuonya pale ambapo mgawanyo wenyewe si wa eksponensha.

Ukichukua logarithimu asilia unapata n ln λ − λS. Mteremko wake ni n/λ − S, nao huwa sifuri pale λ inapokuwa n/S. Kwa hiyo kadirio lenye uyamkini mkubwa kuliko yote ni kinyume cha wastani wa sampuli. Kwa data zetu ni 12/1297, yaani takriban 0.00925 kwa saa.

Hatua ya pili: tengeneza uwiano na uupunguze hadi kigeu kimoja

Uwiano wa uyamkini unalinganisha urefu wa mlima pale H0 inapotuweka na urefu wa kilele chenyewe. Tukiita u = λ0 · x̄, ambapo x̄ ni wastani wa sampuli, vitu vyote hujipanga:

```
Λ = L(λ0) / L(1/x̄) = ( u · exp(1 − u) )^n
```

Kigeu u hakina kipimo cha saa wala dakika. Ni wastani uliopatikana ukigawanywa kwa wastani uliodaiwa, hivyo chini ya H0 tunautegemea uwe karibu na 1. Kwa data zetu u = 108.08/200 = 0.5404.

Uwiano Λ hauzidi 1 kamwe, na kadiri unavyokaribia sifuri ndivyo H0 inavyozidi kupoteza uzito. Ni desturi kuugeuza uwe

```
W = −2 ln Λ = 2n (u − 1 − ln u)
```

na kukataa H0 pale W inapokuwa kubwa. Kwa mfano wetu W = 24 × (0.5404 − 1 + 0.6154) = 3.74.

Hatua ya tatu: toka kwenye W urudi kwenye eneo la kukataa

Ukichora fanksheni g(u) = u − 1 − ln u utaona bakuli ambalo chini yake ni u = 1, lakini ni bakuli lililoinama. Ukuta wa kushoto unapanda kwa ukali, kwa sababu ln u hukimbilia chini bila kikomo u inapokaribia sifuri, na ukuta wa kulia unapanda polepole karibu kama mstari ulionyooka. Kusema "kataa W ikizidi k" ni sawa na kukata bakuli hili kwa mstari wa mlalo. Mstari huo hulikata mahali pawili tu, a upande wa kushoto na b upande wa kulia, na eneo la kukataa ni

```
u < a   au   u > b,   ambapo   a·exp(−a) = b·exp(−b)
```

Sharti hilo la mwisho ndilo ambalo wengi hulisahau. Hatuna ruhusa ya kuchagua a na b kila mmoja kivyake. Mpaka mmoja ukishawekwa, wa pili umekwisha kuamuliwa, kwa kuwa yote miwili lazima iwe kwenye kimo kimoja cha bakuli.

Hatua ya nne: funga mpaka kwa mgawanyo kamili

Jumla ya vigeu n huru vya eksponensha hufuata mgawanyo wa gama, na ukiizidisha kwa 2λ0 unapata, chini ya H0,

```
2 λ0 S = 2n·u  ~  kai-mraba yenye digrii 2n za uhuru
```

Zingatia kuwa digrii ni 2n wala si n. Njia rahisi ya kujikagua ni kukumbuka kuwa wastani wa kai-mraba ni sawa na digrii zake, na wastani wa 2λ0S chini ya H0 ni 2n. Ukitumia n kwa bahati mbaya, kila jaribio utakalofanya litaonekana limepata wastani mara mbili ya ulivyotegemea.

Sasa tunatafuta a na b zinazotimiza masharti mawili kwa pamoja: a·exp(−a) = b·exp(−b), na uwezekano wa 2n·u kuangukia nje ya 2na na 2nb uwe 0.05. Hakuna fomyula iliyofungwa kwa hili, lakini kompyuta hulimaliza papo hapo:

```r
x <- c(3,5,7,18,43,85,91,98,100,130,230,487)
n <- length(x); u <- mean(x)/200
g <- function(u) u - 1 - log(u)
W <- 2*n*g(u)
ukubwa <- function(k) {
  f <- function(u) 2*n*g(u) - k
  a <- uniroot(f, c(1e-8, 1), tol = 1e-10)$root
  b <- uniroot(f, c(1, 20),  tol = 1e-10)$root
  pchisq(2*n*a, 2*n) + pchisq(2*n*b, 2*n, lower.tail = FALSE)
}
k <- uniroot(function(k) ukubwa(k) - 0.05, c(2, 6), tol = 1e-8)$root
```

Usiache `tol` katika thamani yake ya kawaida. `uniroot` ikiachwa yenyewe hutosheka na kosa la takriban 0.0001 katika u, nasi tunakwenda kulizidisha kosa hilo kwa 24 wakati tunachokilinganisha ni tofauti ndogo.

Kwa n = 12 jibu ni k = 3.895, ambalo linatoa a = 0.533 na b = 1.683. Katika kipimo cha 2λ0S, tunakataa H0 ikiwa thamani iko chini ya 12.79 au juu ya 40.38. Yetu ni 2 × 1297/200 = 12.97, ambayo imesimama ndani kidogo tu ya mpaka wa kushoto. Hatukatai. Ukiita `ukubwa(W)` unapata thamani kamili ya p, ambayo ni 0.0548; ndani yake, 0.0334 inatoka mkia wa kushoto na 0.0214 mkia wa kulia.

Kwa nini mikia haiwi sawa

Msomaji makini atauliza kwa nini tusitumie tu jedwali la kai-mraba la digrii 24, tukachukua 12.40 na 39.36 zinazoacha 0.025 kila upande, tukaondokana na usumbufu wa `uniroot`. Watu wengi hufanya hivyo, na vitabu vingi huruhusu. Ukubwa wa jaribio hilo ni 0.05 kamili pia. Lakini eneo lake la kukataa si lile la uwiano wa uyamkini, na tofauti hiyo si ya urembo.

Jaribio la mikia sawa lina upendeleo. Kasi ya kweli ikiwa juu kidogo ya λ0, yaani hitilafu zikitokea mara nyingi kidogo kuliko ilivyodaiwa, uwezekano wa jaribio hilo kukataa H0 hushuka chini ya 0.05 kabla haujaanza kupanda. Maana yake ni kwamba kuna kasi zisizo sahihi ambazo jaribio linazipitisha kwa urahisi kuliko linavyoipitisha ile iliyo sahihi, na bahati mbaya ziko upande uleule ambao mhandisi wa matengenezo angetaka kuonywa. Sharti a·exp(−a) = b·exp(−b) ndilo linaloondoa kasoro hiyo, kwa sababu linalazimisha mteremko wa uwezekano wa kukataa uwe sifuri hasa pale λ = λ0. Ndiyo maana mpaka wa kushoto wa uwiano wa uyamkini umesogezwa ndani zaidi, kutoka 12.40 hadi 12.79, na wa kulia umesukumwa nje, kutoka 39.36 hadi 40.38. Kwa data zetu mikia sawa ingetoa p = 0.067 badala ya 0.0548.

Hatua ya tano: weka makadirio ya sampuli kubwa kando yake

Samuel Wilks alionyesha mwaka 1938 kwamba, chini ya H0 na masharti ya kawaida, W hukaribia kai-mraba yenye digrii 1 ya uhuru sampuli inapokua. Ukifuata njia hiyo hutafuti k, unachukua 3.841 moja kwa moja na kukataa W ikiizidi. Kwa n = 12 mpaka huo unalingana na 2λ0S chini ya 12.85 au juu ya 40.25. Linganisha na ule kamili wa 12.79 na 40.38. Ukubwa wake wa kweli, ukihesabiwa kwa kai-mraba ya digrii 24, ni 0.0315 kushoto na 0.0201 kulia, jumla 0.0516 badala ya 0.05. Thamani ya p ya makadirio kwa data zetu ni 0.0531, ilhali ile kamili ni 0.0548.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipohesabu hivi nilidhani nimekosea, kwa sababu sampuli ya 12 haistahili kuitwa kubwa. Nikaenda hadi mwisho, nikajaribu n = 1. Kwa kipindi kimoja tu mpaka wa 3.841 unakata u kwenye 0.057 na 4.403, na kwa kuwa mgawanyo ni wa eksponensha unaweza kuhesabu kwa mkono: 1 − exp(−0.057) pamoja na exp(−4.403) hutoa takriban 0.068. Kwa n = 5 ukubwa ni 0.054, na kwa n = 20 ni 0.051.

Sababu ya usahihi huu inaonekana ukitafuta wastani wa W chini ya H0. Kai-mraba ya digrii 1 ina wastani wa 1, na W ina wastani unaokaribia sana 1 + 1/(6n). Kwa n = 12 ziada hiyo ni 1/72 tu. Mwaka 1937 Bartlett alikuwa ameshapendekeza marekebisho ya aina hii: gawanya W kwa wastani wake ndipo uende kwenye jedwali. Ukifanya hivyo hapa, mpaka wa 3.841 unakuwa 3.8415 × (1 + 1/72) = 3.895, ambao kwa desimali tatu ndio ule ule k uliotoka kwenye kompyuta. Kwa hiyo mtu asiye na kompyuta karibu anaweza kupata mpaka ulio kamili kwa matumizi yote ya kawaida kwa kuzidisha mara moja.

Makadirio yanayoharibika kweli

Lipo kadirio jingine la sampuli kubwa ambalo hutumiwa mara nyingi zaidi kwa sababu ni rahisi: chukua √n(1 − u) na ulilinganishe na mgawanyo wa kawaida, ukikataa likizidi 1.96 upande wowote. Linatokana na kukata g(u) kwenye neno la mraba, kwani karibu na 1 g(u) ni takriban (u − 1)²/2, hivyo W ni takriban n(u − 1)². Kilichotupwa ni neno la tatu, na hilo ndilo lililobeba mwinamo wa bakuli.

Matokeo yake kwa n = 12 ni mipaka ya 10.42 na 37.58 katika kipimo cha 2λ0S. Jumla ya ukubwa wake ni 0.046, namba ambayo ukiletewa peke yake utairidhia. Lakini ifungue: mkia wa kushoto umebeba 0.007 na wa kulia 0.038. Jaribio hili karibu ni kipofu upande wa hitilafu za mara kwa mara, na lina wepesi wa kupindukia upande wa pili. Kwa data zetu linatoa √12 × 0.4596 = 1.59 na p = 0.11, mara mbili ya thamani kamili. Kwa hiyo unapokagua kadirio lolote la aina hii, hesabu kila mkia kivyake, maana makosa mawili ya pande tofauti hufutana katika jumla na kukuacha ukiamini kila kitu kiko sawa.

Pale hesabu inapokuwa sahihi na jibu likawa na shaka

Kosa la kwanza ni la programu. Katika R, `dexp` na ndugu zake hupokea kasi, ilhali `scipy.stats.expon` ya Python hupokea `scale`, ambayo ni wastani. Ukiingiza 0.005 mahali panapotaka 200 hutapata ujumbe wa kosa; utapata u kubwa ajabu, na W itakayokataa kila kitu.

La pili ni kubadili H1 baada ya kuona data. Anayetazama 108 ikiwa chini ya 200, akaamua kwamba tangu mwanzo alikuwa anapima λ > λ0 tu, atapata p = 0.033 na kukataa. Jaribio la upande mmoja ni halali, na kwa mgawanyo huu ni zuri mno, lakini uamuzi wa kulitumia ni lazima uwe umeandikwa kabla ya data kufunguliwa.

La tatu ndilo zito, nalo linahusu dhana ya eksponensha yenyewe. Katika mgawanyo huu mkengeuko sanifu ni sawa na wastani. Kwa vipindi vyetu 12 mkengeuko sanifu ni 136.2, nao wastani ni 108.1, hivyo uwiano ni 1.26. Kwa sampuli ndogo hivi hilo halitoshi kuhukumu, lakini linaelekeza kwenye mtawanyiko uliozidi, na huo una athari moja mahususi: W haifuati tena kai-mraba ya digrii 1, bali takriban hiyo kai-mraba ikizidishwa kwa mraba wa uwiano, yaani 1.59. Ukigawanya 3.74 kwa 1.59 unabaki na 2.35, mbali kabisa na mpaka. Tofauti ya 0.0531 na 0.0548 tuliyoihangaikia imemezwa na kitu ambacho S haikuweza kukionyesha. Na data za `aircondit` zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa hiyo hata kama mtambo ulikuwa ukichakaa na vipindi vikifupika kadiri siku zilivyokwenda, faili hili haliwezi kukuambia. Ungehitaji orodha yenye mpangilio wa asili wa hitilafu.